Goti nje: uchambuzi wa kisa cha mstari wa kwanza wa kapsheni

Kisa hiki ni cha mwalimu wa ushonaji anayefundisha kupitia Instagram. Nimeondoa jina lake, jina la akaunti na chochote kinachoweza kumtambulisha, na hapa nitamwita Mwalimu. Mimi nilikuwa mhariri wake wa kapsheni kwa miezi michache. Yeye aliandika, mimi nikapunguza na kupanga, tukabishana, kisha akaposti. Maneno ya kapsheni ninayoyanukuu ni yale yaliyowekwa kweli.

Hali tuliyoanza nayo

Mwalimu alikuwa na wafuasi elfu chache, wengi wao wakiwa watu wanaojifunzia cherehani nyumbani. Picha zake zilikuwa safi. Kapsheni zake zilikuwa ndefu, na nilipozisoma zote kwa mkupuo nilishangaa kwamba zilikuwa na mafunzo ya darasa zima: vipimo, sababu za mshono kukunjamana, namna ya kupanga patani kwenye kitambaa kifupi. Instagram inaruhusu herufi 2,200 kwa kapsheni moja, na yeye alikuwa anakaribia mwisho wa kibali hicho mara kwa mara.

Lakini komenti zilikuwa zinauliza mambo ambayo kapsheni ilikuwa imeshayajibu. Aliweka picha ya kola, akaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuigeuza ncha isichomoze, na komenti ya kwanza ikawa: "Mwalimu, tufundishe basi unavyogeuza ncha." Alikasirika kidogo, na alikuwa na haki. Alidhani watu ni wavivu wa kusoma.

Nilimwomba simu yake nikafungua posti ile kama anavyoiona mfuasi anayepita. Chini ya picha palikuwa na jina la akaunti kwa herufi nzito, kisha hivi:

"Habari za leo wapendwa wangu, natumaini mko salama kabisa popote… more"

Basi. Somo lote la kola lilikuwa nyuma ya neno `more`, na hakuna kitu upande wa mbele kilichosema kwamba kuna somo. Nilipitia posti 20 za nyuma. Kumi na saba zilianza kwa salamu ya namna hiyo. Mbili zilianza kwa hashitagi nne zilizopangwa foleni, na moja ilianza kwa mioyo mitatu na mstari mtupu.

Kupima dirisha kabla ya kuandika chochote

Sehemu ya kapsheni inayoonekana kabla ya kukatwa mimi naiita dirisha. Namba inayorudiwa sana kuhusu dirisha hili ni herufi 125, na Mwalimu alikuwa ameisikia. Ile salamu hapo juu ina herufi 64 tu, nikihesabu na nafasi, na bado ilikatwa. Kwa hiyo tuliacha namba ya kusikia tukapima wenyewe.

Sababu ya kwanza ya tofauti ilionekana mara moja. Kwenye mlisho, jina la akaunti linakaa mwanzoni mwa mstari uleule wa kapsheni, na linakula nafasi. Jina la Mwalimu lilikuwa na herufi 22. Mwenye jina la herufi 8 ana dirisha pana kuliko lake kwa maneno mawili au matatu ya Kiswahili, na hilo si jambo dogo.

Sababu ya pili ni simu yenyewe. Kinachokatwa ni mistari, na mstari unajaa kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu. Herufi m na w zinachukua upana kuliko i na l. Emoji inachukua zaidi ya herufi ya kawaida. Ndiyo maana hakuna namba moja inayofaa simu zote.

Tulifanya hivi: tulifungua akaunti ya pili iliyofungwa, isiyo na mfuasi isipokuwa mimi na yeye, tukaipa jina lenye herufi 22 pia. Humo tukaposti picha yoyote na kapsheni ya majaribio, kisha tukaiangalia kwenye simu tatu. Kwenye simu ndogo, baada ya jina, zilionekana herufi kati ya 65 na 70. Kwenye simu pana zilifika 80 na kidogo. Simu ya tatu ilikuwa ya dada yake, ambaye macho yanamsumbua na amekuza maandishi. Hapo zilionekana kama 45. Nakiri kwamba nisingeifikiria simu ya tatu kama isingekuwa mezani kwa bahati, na ndiyo iliyobadilisha kazi yetu kuliko zile mbili.

Kutokana na vipimo hivyo tuliweka kanuni yetu: wazo lote likae ndani ya herufi 65, na hata likikatwa kwenye 45 libaki na maana ya kumvuta mtu. Kanuni hii ni ya akaunti ile, na jina lile, kwa wakati ule. Programu hizi hubadilisha mpangilio bila kuaga, kwa hiyo tulirudia kupima kila baada ya wiki kadhaa.

Majaribio yalitufundisha jambo jingine. Mwalimu alipenda kuandika maneno mawili, kisha kuacha mstari mtupu ili papumue. Ule mstari mtupu ulihesabiwa kama mstari. Akiandika "Somo jipya" halafu akashuka mistari miwili, dirisha lote lilikuwa limetumika kwa maneno mawili. Tuliamua kwamba mstari wa kwanza ujae wenyewe bila kushushwa, na kupumua kuanze baadaye, ndani.

Ubishi wa salamu

Hapa ndipo tulipokwama kwa wiki nzima. Nilipomwambia aondoe salamu, alinitazama kama nimekosa adabu.

"Mwanangu, sasa nianze kuongea na watu bila kuwasalimia? Watasema nimepata kiburi."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hoja yake ilikuwa ya kweli. Mwalimu ana sauti yake, na wafuasi wanaipenda kwa sababu ina heshima. Nilichompa baadaye ni ulinganisho huu: mtu anayepita kwenye mlisho hajaingia ndani ya nyumba. Yuko njiani. Ukimsalimia kutoka ndani ya ukumbi uliofungwa, hasikii. Muite kwanza aingie, kisha msalimie.

Tukakubaliana salamu ihamie ndani, mara nyingi kwenye aya ya mwisho, pale anapomshukuru aliyesoma hadi chini. Ilikaa vizuri zaidi huko, kwa sababu sasa ilikuwa inamsalimia mtu aliyekuja kweli. Hashitagi zikashushwa mkiani kabisa.

Tatizo la kupima mafanikio

Takwimu ambazo Instagram inampa mwenye akaunti zinaonyesha watu waliofikiwa, waliopenda, waliokomenti, waliohifadhi, waliosambaza. Hazionyeshi ni wangapi waliobonyeza `more`. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha mstari wa kwanza mwaka mzima na kujidanganya kwa idadi ya mioyo, ambayo kwa kawaida inaifuata picha.

Tulihitaji ishara ambayo inatoka tu kwa mtu aliyefungua. Mwalimu alikuwa na jedwali la vipimo alilolichora mwenyewe, ukurasa mmoja. Tuliweka sentensi hii mwishoni mwa kila kapsheni, mbali kabisa na dirisha: "Ukitaka jedwali langu la vipimo, niandikie neno PINDO inboksi." Halikutajwa kwenye picha wala kwenye wasifu. Aliyeandika PINDO alikuwa amefungua na amefika chini.

Kipimo hiki kina upungufu. Hakihesabu waliofungua, wakasoma, wakaridhika bila kuhitaji jedwali. Na aliyekwisha kulipata haombi tena, kwa hiyo muda ukienda kinadhoofika chenyewe. Lakini zawadi ileile, neno lilelile, mahali palepale, vinatosha kulinganisha mstari na mstari kwa kipindi kifupi.

Tuliacha kwanza wiki mbili zipite na mianzo ya zamani, salamu na yote, ili tupate mahali pa kuanzia. Posti sita zilileta PINDO tatu.

Posti moja, mianzo mitatu

Somo tulilolichagua kwa majaribio ni la kufua kitambaa kabla ya kukikata. Mwalimu alikuwa na kisa chake: alimshonea mteja gauni la pamba, likamkaa vizuri siku ya kujaribu, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza likapanda sentimita nne. Urefu wake wa awali ulikuwa kama mita moja. Pamba iliyofumwa hukazwa kiwandani wakati wa kufumwa na kumalizwa. Inapolowa mara ya kwanza nyuzi zinalegea na kurudi, na mara nyingi zinarudi zaidi upande wa urefu wa kitambaa kuliko wa upana. Bitana ya poliesta aliyokuwa ameiweka ndani haikurudi, ikabaki inachungulia chini ya pindo. Mteja alimruhusu akisimulie bila kumtaja.

Tuliliweka somo hilo mara tatu, tukiachanisha wiki tatu, kila mara na picha tofauti ya gauni lilelile. Ndani, kapsheni ilikuwa karibu ileile. Mwanzo tu ndio uliobadilika.

Mwanzo wa kwanza ulikuwa wangu, na ninauona aibu hadi leo:

"Kosa hili linaharibu nguo zako na hakuna aliyewahi kukuambia!"

Herufi 61, unaingia dirishani bila shida. Ulileta PINDO 11, nikafurahi kwa muda wa jioni moja. Kisha komenti zikaanza: "Kumbe ni kufua tu?" "Hili mbona tunalijua." Mtu mmoja, fundi mzoefu, aliandika kwamba yeye aliambiwa na mamaye zamani sana, na akaweka kicheko. Mstari ulikuwa umetoa ahadi mbili za uongo. Si kweli kwamba hakuna aliyewahi kukuambia, na kosa la kutofua haliharibu nguo zako zote, linagusa zile za vitambaa vinavyorudi. Watu walifungua wakitafuta siri wakakuta ushauri wa kawaida. Ushauri ulikuwa mzuri, ila mwanzo uliufanya uonekane mdogo.

Kuna kasoro nyingine ambayo sikuiona hadi Mwalimu aliponionyesha. "Kosa hili" halina kitu ndani yake. Halina kitambaa, halina sindano wala gauni. Mstari huo ungeweza kuwekwa juu ya somo la sabuni, la pasi, la kutundika nguo juani. Mstari unaofaa kila kitu haumwiti mtu yeyote hasa, unawaita wote kwa pamoja, na wanaokuja wengi wao si wako.

Mwanzo wa pili ulikuwa wa Mwalimu, akiukimbia wangu:

"Fua kitambaa cha pamba kabla ya kukata ili nguo isisinyae."

Herufi 58. Safi, wa kweli, hauna mbwembwe. PINDO zilikuwa nne. Lakini waliohifadhi posti walikuwa wengi kuliko posti zote tatu. Nilijiuliza kwa nini, na maelezo ninayoyaamini ni haya: mstari ulikuwa umemaliza kazi. Aliyeusoma alipata ushauri mzima, akauhifadhi kama mtu anavyobandika karatasi ukutani, akaendelea. Hakuwa na sababu ya kufungua, kwa sababu hakuna kilichobaki wazi. Na humo ndani ndimo mlimokuwa na vitu ambavyo hakujua kwamba anavihitaji, kama vile bitana kufuliwa pamoja na kitambaa cha nje, au kitambaa kukatwa kikiwa kimepigwa pasi na si kikiwa kimejikunja.

Siuhesabu mwanzo huo kama uliofeli. Ulifanya kazi nyingine.

Mwanzo wa tatu ulitoka kwenye mazungumzo. Mwalimu alikuwa anamsimulia dada yake kile kisa cha gauni, na akasema kwa mkato wake: gauni lilikuwa linafunika goti, kufuliwa mara moja tu, goti nje. Nikamwomba asimame hapohapo. Tukaandika:

"Gauni lilifunika goti. Kufuliwa mara moja tu, goti nje."

Herufi 55. Kwenye simu ya dada yake ulikatwa kwenye herufi ya 45, ikabaki "Gauni lilifunika goti. Kufuliwa mara moja tu,… more", na mkato huo kwa kweli ulisaidia. PINDO zilikuwa 19. Komenti ziligeuka pia: badala ya kuomba mafunzo, watu walisimulia mashati yao na sketi zao, wakauliza maswali ya ndani ambayo hayawezi kuulizwa na mtu ambaye hakufungua. "Na kama kitambaa kina mchanganyiko wa poliesta, nifue pia?" Swali hilo lilitokana na aya ya tatu.

Niseme wazi kwamba hizi ni namba ndogo, na posti ya tatu ilikutana na watu ambao baadhi yao walikwisha kuona zile mbili za kwanza. Waliofikiwa hawakupishana sana kati ya posti na posti. Mimi sitegemei 19 dhidi ya 11. Nategemea zaidi aina ya komenti, kwa sababu swali la ndani haliwezi kughushiwa.

Mstari ule ulifanya nini

Una nusu mbili, na kati yake pana pengo. Nusu ya kwanza inaonyesha hali ya kawaida, ya pili inaonyesha imeharibika, na sababu haipo. Msomaji anajua nini kilitokea na lini, ila hajui kwa nini. Anachokosa ni kitu kimoja tu, na anajua ni kipi. Mwanzo wangu wa kwanza ulimkosesha kila kitu, mwanzo wa Mwalimu haukumkosesha chochote. Ninavyoona mimi, ufundi wote wa mstari wa kwanza uko hapo: kuamua ni kitu gani kimoja kitakachobaki nyuma ya mkato, na kumfahamisha msomaji kwamba kipo huko.

Kinachobaki nyuma kinapaswa kuwa kile ambacho kapsheni inakieleza kweli. Tungeficha jina la mteja, kwa mfano, watu wangefungua, lakini wangefungua kutafuta umbeya.

Picha nayo ilibeba upande wake. Posti ya tatu ilikuwa na picha ya gauni limetundikwa, futi ya kupimia ikining'inia pembeni, na bitana ikichungulia chini. Mstari haukurudia kusema "hili ni gauni langu la pamba". Picha ilikuwa imeshasema gauni. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuanza kwa kutaja kilichomo pichani, "Hii ni sketi ya marinda", na tuliifuta tabia hiyo, maana dirisha la herufi 65 haliwezi kulipia kitu ambacho jicho limekwisha kukiona.

Nusu ya pili ya mstari ilikuwa "goti nje", bila kitenzi. Sikuithubutu peke yangu. Ningeandika "goti likaonekana", ambayo ni sahihi na ni ndefu kwa herufi nane na haina ladha. Alichokisema kwa mdomo kilikuwa kifupi kuliko chochote ambacho sote wawili tungekiandika, na tangu siku hiyo kapsheni zake nyingi zilianza kwa ujumbe wa sauti: ananisimulia, nasikiliza, nachukua sentensi iliyomtoka bila kufikiri.

Kubana Kiswahili

Maneno yetu ni marefu, lakini kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo ukikitumia vizuri unapata sentensi nzima kwa neno moja. Panapopotea nafasi ni kwenye maneno ya kuunganishia. "Kitambaa ambacho hakijafuliwa" kinaweza kuwa "kitambaa kisichofuliwa", na herufi saba zimeokoka. Maana inasogea kidogo, maana "hakijafuliwa" inaacha mlango kwamba kitafuliwa baadaye, kwa hiyo mara nyingine tuliacha kile kirefu.

Mfano mwingine ulikuwa wa posti ya orodha. Mwalimu aliandika:

"Mambo 5 ambayo unapaswa kuyazingatia kabla ya kukata kitambaa"

Herufi 61, na neno lenye uzito, kitambaa, liko mwisho. Simu ya maandishi makubwa ingeonyesha "Mambo 5 ambayo unapaswa kuyazingatia kabla" na kukata. Kabla ya nini? Tuligeuza:

"Kabla hujakata kitambaa, angalia mambo haya 5"

Herufi 45. Anayejiandaa kukata kitambaa anajitambua kwenye neno la tatu. Hatukuongeza wazo lolote. Tulichobadilisha ni mpangilio tu, na kufuta "unapaswa kuyazingatia", ambayo ni lugha ya barua ya ofisini.

Kwa video za Reels dirisha ni jembamba zaidi, kwa sababu kapsheni inakaa juu ya video yenyewe na kwa kawaida huonekana mstari mmoja. Huko tuliandika maneno manne au matano, na kama video ilikuwa na kichwa kilichoandikwa ndani yake, kapsheni haikukirudia.

Baada ya mlango kufunguka

Posti ya tatu ilitaka kuharibika hapa. Rasimu ya Mwalimu, mara baada ya "goti nje", iliendelea hivi: "Karibuni sana kwenye darasa letu la leo, kabla sijaanza naomba niwashukuru…" Msomaji amebonyeza akitafuta sababu, anapewa ukaribisho. Tuliweka sharti kwamba swali lililoachwa na mstari wa kwanza lianze kujibiwa kwenye sentensi inayofuata na limalizike ndani ya sentensi tatu. Posti ilitoka hivi:

"Gauni lilifunika goti. Kufuliwa mara moja tu, goti nje. Kitambaa kilikuwa pamba tupu na sikukifua kabla ya kukata. Pamba hukazwa ikifumwa. Ikilowa mara ya kwanza inalegea na kurudi, hasa upande wa urefu. Gauni la mita moja lilipoteza sentimita nne, na bitana ya poliesta ikabaki inachungulia."

Kisha mstari mtupu wa kwanza, na ndipo hatua zikafuata.

Pale tulipokosea kweli

Mbinu ikishafaulu mahali pamoja, mtu huibeba kila mahali. Darasa la Mwalimu la Jumamosi lilihamishwa kutoka alasiri kwenda asubuhi. Akaandika tangazo kwa mtindo mpya, na mimi nikalipitisha bila kufikiri:

"Nimesita muda mrefu, lakini wiki hii nimefanya uamuzi."

Saa mpya ilikuwa kwenye aya ya pili. Wanafunzi wanne walifika alasiri wakakuta amefunga. Mmoja alikuwa ameipenda posti ile, yaani aliiona, akaweka moyo, akapita. Mwalimu aliwapigia kuwaomba radhi, na mimi nilimwomba radhi yeye.

Posti za namna hii hazihitaji kufunguliwa. Tangazo linatakiwa lifanye kile kilichofanywa na ule mwanzo wa pili wa kufua kitambaa: limalize kazi kabla ya mkato. Tulilihariri jioni ileile, maana Instagram inaruhusu kubadilisha kapsheni baada ya kuposti:

"Darasa la Jumamosi limehamia saa 3 asubuhi, kuanzia wiki hii"

Herufi 60. Hakuna kilichobaki nyuma isipokuwa sababu, na aliyetaka sababu alijua pa kuitafuta.

Tokea hapo, kabla ya kuandika mstari, tuliulizana swali moja: mtu asipofungua, anapoteza nini? Kama anapoteza darasa au tarehe au tahadhari ya kumwepusha na madhara, basi kitu hicho kinakaa juu. Aliwahi kuandika posti kuhusu sindano iliyovunjika na kuruka karibu na jicho la mwanafunzi. Kisa kilikuwa kikali, na kishawishi cha kuficha mwisho wake kilikuwa kikubwa. Tuliweka tahadhari mbele, kwamba usishone juu ya pini, na kisa kikafuata ndani. PINDO zilikuwa mbili. Tuliiacha vivyo hivyo.

Hali ilipofikia

Tulijaribu pia kurudi nyuma na kubadilisha mianzo ya posti kumi za zamani. Hatukuona tofauti yoyote ya maana, kwa kuwa posti zile zilikuwa zimeshamaliza kusambazwa na waliozifikia walikuwa wachache. Muda ule ungetumika vizuri zaidi kwa posti mpya. Faida pekee ni kwa mtu mpya anayepekua wasifu kutoka juu hadi chini, na kwa ajili yake tulibaki na zile tatu za mafunzo ya msingi.

Katika wiki sita za mwisho nilizofanya naye kazi, komenti za "tufundishe" chini ya somo lililokwisha kufundishwa zilipungua hadi kubaki moja moja. Ile zawadi ya jedwali tuliibadilisha, kwa sababu wengi walikuwa nayo. Mwalimu sasa anaandika mstari wa kwanza mwishoni kabisa, baada ya kumaliza kapsheni, akitafuta humo ndani sentensi ambayo tayari ipo. Mara nyingi huipata kwenye aya ya tatu au ya nne, pale anapokuwa amesahau kwamba anaandika. Salamu bado ipo, chini, na juzi mfuasi mmoja alimjibu: "Salama Mwalimu, nimefika."